Kutoka Limited hadi PLC: Kisa cha Vodacom Tanzania na Kampuni Zinazoizunguka

Ipo kampuni moja ya simu nchini Tanzania ambayo, ukiifuatilia ilikotoka, nani anaimiliki na kampuni zipi inazimiliki, utakutana na karibu kila neno ambalo kampuni huliweka mwishoni mwa jina lake. Ilipoanza kutoa huduma mwaka 2000 iliitwa Vodacom Tanzania Limited. Leo jina lake kamili ni Vodacom Tanzania Public Limited Company, linaloandikwa kwa ufupi Vodacom Tanzania PLC. Mwenye hisa mkubwa, anayeshikilia asilimia 75, ni Vodacom Group Limited ya Afrika Kusini, ambayo nayo iko chini ya Vodafone Group Plc ya Uingereza. Huduma yake ya pesa za simu inaendeshwa na kampuni tanzu iitwayo M-Pesa Limited. Na huyo Vodafone wa Uingereza aliwahi kumiliki kampuni kubwa ya simu za mkononi huko Marekani kwa ubia na Verizon Communications Inc.

Katika mlolongo huo mmoja, neno Limited lina maana mbili zinazopingana kutegemea nchi, neno Inc. nalo vivyo hivyo, na ipo biashara ya mabilioni ya dola ambayo haina neno lolote la namna hiyo mwishoni mwa jina lake. Hoja ninayotaka kuionyesha kupitia kisa hiki ni kwamba neno la mwisho katika jina linaeleza kampuni ni ya aina gani mbele ya sheria ya nchi ilikosajiliwa, na si zaidi ya hapo. Halisemi kama kampuni ni kubwa, halisemi kama ina fedha, na halisemi kwamba tajiri aliye nyuma yake atalipa pale yenyewe itakaposhindwa.

Tuanze na Limited ya Tanzania, ile ya mwaka 2000. Neno hilo linahusu ukomo wa dhima, na ni vyema kueleza mara moja ni dhima ya nani inayowekewa ukomo, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hupotea. Si dhima ya kampuni. Kampuni yenyewe inadaiwa madeni yake yote mpaka senti ya mwisho, na mali zake zote zinaweza kuuzwa kuyalipa. Dhima yenye ukomo ni ya wanahisa: kila mmoja anawajibika kulipa kiasi alichoahidi kulipia hisa zake, na akishamaliza kukilipa, wadai wa kampuni hawawezi kumfuata nyumbani. Neno Limited liliwekwa kwenye majina kwa amri ya sheria za Uingereza za miaka ya 1855 na 1856 kama tahadhari kwa wafanyabiashara wanaokopesha: unayemkopesha ni kampuni, na wenye kampuni hiyo wamejiwekea mpaka.

Mpaka huo ulipimwa katika shauri ambalo bado linafundishwa katika kila chuo cha sheria cha Afrika Mashariki. Aron Salomon, mtengenezaji wa viatu na buti jijini London, aliigeuza biashara yake kuwa kampuni mwaka 1892. Sheria ilitaka wanahisa saba, basi yeye akawa na hisa 20,001, na mkewe na watoto wao watano wakawa na hisa moja moja. Kampuni ilipofilisika, mfilisi alidai kwamba ilikuwa kivuli tu cha Salomon na kwamba yeye mwenyewe alipe madeni. Mwaka 1896 Mahakama ya Juu kabisa ya Uingereza, iliyokuwa ndani ya Bunge la Malodi, ilikataa. Ilisema kuwa kampuni iliyosajiliwa kihalali ni nafsi nyingine kabisa mbele ya sheria, hata kama mtu mmoja ndiye mwenye karibu hisa zote na ndiye anayeamua kila kitu. Sheria za kampuni za Tanzania, Kenya na Uganda zimejengwa juu ya msingi huo, na msomaji atauona ukirudi katika kila hatua ya kisa chetu.

Kwa hiyo Vodacom Tanzania Limited ilikuwa nafsi yake yenyewe tangu mwanzo, ingawa wamiliki wake walikuwa wachache. Lakini Limited katika Tanzania ya leo husema jambo la pili pia: kwamba hii ni kampuni binafsi. Katiba ya kampuni binafsi lazima iwe na masharti matatu. Kwanza, iwekee vikwazo uhamishaji wa hisa, kwa mfano kwa kuwapa wakurugenzi uwezo wa kumkataa mnunuzi au kwa kuwataka wanahisa waliopo wapewe nafasi ya kwanza ya kununua. Pili, wanahisa wasizidi 50, bila kuwahesabu wafanyakazi wa kampuni wenye hisa. Tatu, kampuni isiualike umma kununua hisa zake. Duka la vipuri la Kariakoo lililosajiliwa na ndugu wawili na kampuni ya simu yenye wateja mamilioni zinaweza zote kuwa Limited, na mbele ya sheria ni aina moja ya kampuni.

Kabla ya kuendelea, kuna tawi moja la Limited ambalo halihusu Vodacom lakini huwachanganya wengi. Zipo kampuni zenye ukomo wa dhima ambazo hazina hisa kabisa, bali wanachama wake huahidi kuchangia kiasi fulani, mara nyingi kidogo sana, iwapo kampuni itafungwa. Taasisi nyingi zisizo za kibiashara huchagua umbo hilo. Ukiona Limited kwenye jina la taasisi ya hisani usishangae, wala usidhani kuna watu wanaogawana faida.

Sasa tuje kwenye mabadiliko yenyewe. Mwaka 2016 Bunge la Tanzania, kupitia Sheria ya Fedha ya mwaka huo, liliirekebisha Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, likazitaka kampuni za simu ziuze kwa umma asilimia 25 ya hisa zao na kuziorodhesha katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kwa kampuni iliyoitwa Limited, agizo hilo lilikuwa haliwezekani kutekelezwa jinsi ilivyo. Kuuza robo ya hisa kwa umma kunamaanisha kuualika umma, jambo ambalo katiba ya kampuni binafsi inakataza. Kunamaanisha kuwa na wanahisa maelfu kwa maelfu, huku ukomo ni 50. Na hisa zinazouzwa na kununuliwa sokoni kila siku haziwezi kusubiri wakurugenzi wamkubali mnunuzi. Masharti yote matatu yaliyoifanya kampuni iitwe Limited yalikuwa yanagongana na sheria mpya, na ndiyo maana jina halikubadilika kwa ajili ya kujipamba, bali kwa kuwa aina ya kampuni ilibidi ibadilike.

Njia ya kutoka kampuni binafsi kwenda kampuni ya umma ni ya makaratasi zaidi kuliko watu wanavyofikiri. Wanahisa hukutana na kupitisha azimio maalumu, yaani lile linalohitaji angalau robo tatu ya kura. Azimio hilo hubadili jina, huondoa kwenye katiba yale masharti matatu, na huweka kanuni zinazoifaa kampuni ya umma. Nyaraka hupelekwa kwa Msajili wa Kampuni, ambaye kwa Tanzania Bara yuko BRELA, naye akiridhika hutoa cheti chenye jina jipya. Kuanzia tarehe ya cheti hicho, barua, ankara na mikataba yote hutakiwa kubeba jina hilo.

La kuzingatia hapa ni kile ambacho hakibadiliki. Kampuni haifi na nyingine kuzaliwa. Ni nafsi ileile: leseni inabaki, madeni yanabaki, kesi zilizoko mahakamani zinaendelea, na mkataba wa pango la mnara uliosainiwa na Vodacom Tanzania Limited mwaka 2010 unaibana Vodacom Tanzania PLC bila kuhitaji kusainiwa upya. Mara kwa mara mwenye kiwanja akiona jina jipya kwenye barua huingiwa na hofu kwamba mkataba wake umekwisha, au mdaiwa naye hujaribu bahati kwa kusema kwamba yeye alikopa kwa kampuni nyingine. Wote wawili wanaweza kupata jibu kwenye cheti cha mabadiliko: kikionyesha kwamba iliyokuwa ikiitwa hivi sasa inaitwa vile, basi mwenye mkataba ni yuleyule. Kikionyesha kampuni tofauti yenye usajili wake tofauti, hapo ndipo pa kuuliza mkataba ulihamishwaje.

Baada ya aina kubadilika, ndipo uuzaji ukafuata. Waraka wa matarajio, ambao ni kitabu kinachomweleza mnunuzi mali, madeni, mapato na hatari za kampuni, uliidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Hisa zilizouzwa zilikuwa 560,000,100, kila moja kwa shilingi 850, na mauzo yakafikia shilingi bilioni 476. Hisa ziliorodheshwa katika soko la Dar es Salaam mwezi Agosti 2017.

Hebu tumchukue mnunuzi mmoja wa kubuni, mwalimu wa Iringa aliyenunua hisa 1,000. Alilipa shilingi 850,000, na kwa kuwa alizilipia zote, wajibu wake kwa kampuni ulikwisha siku hiyohiyo. Bei ya hisa ikishuka anapoteza sehemu ya fedha zake. Kampuni ikifilisika kabisa anaweza kupoteza 850,000 yote, kwa sababu mwanahisa hulipwa mwisho, baada ya wadai wote. Lakini hata kampuni ikidaiwa mabilioni, hakuna mdai anayeweza kuomba shamba lake liuzwe. Hilo ndilo neno Limited lililobaki katikati ya Public Limited Company. Kinga yake ni ileile aliyokuwa nayo mwenye hisa wa kampuni binafsi. PLC haikuiongeza wala kuipunguza.

Kilichoongezeka ni uwazi. Kampuni ya umma iliyoorodheshwa sokoni inalazimika kutangaza hesabu zilizokaguliwa, kutoa taarifa za mara kwa mara kwa mwaka na kueleza mapema habari zinazoweza kugusa bei ya hisa. Mtu anayetaka kujua hali ya Vodacom Tanzania katika mwaka ulioishia Machi 31 anaweza kusoma ripoti yake bila kumwomba mtu. Kwa Limited ya kawaida, mara nyingi utaishia kwenye majina ya wakurugenzi, wanahisa na rehani zilizosajiliwa.

Hata hivyo, PLC na kuorodheshwa sokoni ni mambo mawili, na kuyachanganya ni kosa la kawaida hata kwa waandishi wa habari za biashara. PLC ni aina ya kampuni, na kuorodheshwa ni hadhi ya hisa zake. Kampuni inaweza kuwa PLC miaka mingi bila hisa zake kuonekana kwenye soko lolote, kwa sababu sheria inairuhusu kuualika umma lakini haiilazimishi. Vodacom Tanzania yenyewe ililazimika kuwa kampuni ya umma kwanza ndipo iuze hisa, kwa hiyo kulikuwa na kipindi ambacho ilikuwa PLC na haikuwa sokoni. Vilevile, neno umma hapa lisichukuliwe kuwa serikali. Shirika la umma la Tanzania ni mali ya serikali, lakini kampuni ya umma kwa maana ya PLC inaweza kuwa haina hata hisa moja ya serikali.

Jirani zetu wa Kenya wanatupa ushahidi wa upande wa pili. Safaricom ilisajiliwa mwaka 1997 kama kampuni binafsi, ikageuzwa kuwa kampuni ya umma mwezi Mei 2002, na mwaka 2008 serikali ikauza hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 za Kenya kila moja. Muda wote huo, na kwa miaka kadhaa baadaye, iliitwa Safaricom Limited. Sheria ya zamani ya Kenya haikutofautisha kampuni binafsi na ya umma kwa jina, zote zilimalizika kwa Limited, hivyo mtu aliyesoma jina peke yake mwaka 2010 asingeweza kujua kama anasoma kampuni ya familia au kampuni yenye wanahisa mamia ya maelfu. Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015 ndiyo iliyotaka kampuni ya umma imalizie jina kwa public limited company au plc, na Safaricom ikafuata. Kwa msingi huo, anayesoma hati za zamani za Kenya aziangalie kwa tarehe. Kampuni ya Bia Tanzania nayo iliingia soko la Dar es Salaam mwaka 1998 ikiitwa Tanzania Breweries Limited, na leo ni PLC.

Uingereza, ambako mpangilio huu ulitoka, ilianza kutenganisha majina kwa sheria ya mwaka 1980. Hadi hapo kampuni zote zenye ukomo wa dhima ziliitwa Limited. Baada yake za umma zikawa plc. Ili kuwa plc huko, kampuni lazima iwe na mtaji wa hisa usiopungua pauni 50,000, na angalau robo ya hizo iwe imelipwa. Kwa kampuni kubwa hicho ni kiasi kidogo mno, na ndiyo sababu nasisitiza kwamba plc si cheti cha utajiri. Vodafone Group Plc yenyewe ilizaliwa mwaka 1984 kwa jina la Racal Strategic Radio Limited, ikapitia mabadiliko ya jina na ya aina hadi kuwa ilivyo. Mwana na babu wa ukoo huu walipita njia moja, kutoka Limited hadi PLC, kila mmoja kwa sheria ya kwao.

Aliyebaki katikati yao ndiye anayewababaisha wasomaji. Vodacom Group Limited imeorodheshwa katika Soko la Hisa la Johannesburg tangu mwaka 2009, ina wanahisa wengi, na bado inaitwa Limited. Mtanzania anayesoma jina hilo kwa macho ya BRELA ataamua kwamba ni kampuni binafsi, na atakuwa amekosea kabisa. Sheria ya Kampuni ya Afrika Kusini ya mwaka 2008, iliyoanza kutumika Mei 2011, inasema Limited au Ltd peke yake ni ya kampuni ya umma. Kampuni binafsi huko lazima imalizie kwa Proprietary Limited, yaani (Pty) Ltd, na kampuni ya serikali humalizia kwa SOC Ltd. Kwa hiyo ndani ya kundi hilihili, Vodacom Group Limited ni ya umma, na Vodacom (Pty) Ltd, inayoendesha mtandao wa Afrika Kusini, ni binafsi. Mabano yale yenye herufi tatu yanabeba tofauti yote. Ukiyaacha wakati wa kunakili jina kwenye mkataba, umetaja kampuni ya aina nyingine, na pengine umetaja mama badala ya mwana.

Sheria hiyohiyo ya Afrika Kusini ina neno Inc., na hapa pana hatari zaidi kwa aliyezoea majina ya Kimarekani. Incorporated au Inc. huko ni ya kampuni ya dhima binafsi, ambayo wakurugenzi wake, waliopo na waliowahi kuwapo, wanawajibika pamoja na kampuni, kila mmoja kwa deni lote, kwa madeni ya mikataba iliyofungwa walipokuwa madarakani. Ni umbo linalotumiwa na mawakili na wakaguzi wa hesabu, watu ambao taaluma yao inawataka wasijifiche nyuma ya kampuni. Ernst & Young Inc. ya Afrika Kusini, ambayo imewahi kuzikagua hesabu za Vodacom Group, inabeba Inc. ya namna hiyo. Neno ambalo Marekani huashiria kinga, Afrika Kusini huashiria kwamba kinga hiyo haipo kwa wakurugenzi.

Marekani nako kuna somo lake. Sheria za kampuni huko hutungwa na majimbo, na Verizon Communications Inc. imesajiliwa Delaware, jimbo dogo ambalo kampuni nyingi kubwa hulichagua. Sheria ya Delaware inaruhusu kampuni ya kawaida ya hisa kumalizia jina kwa Incorporated, Corporation, Company, hata Limited, pamoja na vifupisho vyake. Zote hizo ni aina moja. Inc. inakuambia tu kwamba hii ni nafsi ya kisheria iliyosajiliwa, yenye wanahisa wenye ukomo wa dhima. Haikuambii kama hisa zake zinauzwa kwa umma. Verizon iko kwenye soko la New York. Cargill, Incorporated, mfanyabiashara mkubwa wa nafaka, ni ya familia na hisa zake huzioni sokoni. Herufi zao za mwisho hazina tofauti ya kisheria. Anayetaka kujua lazima atazame kama kampuni inawasilisha taarifa kwa tume ya serikali kuu inayosimamia masoko ya hisa.

Na ile biashara isiyo na neno lolote la mwisho ni Verizon Wireless. Jina hilo lililoonekana kwenye mabango lilikuwa la kibiashara tu. Mwenye biashara kisheria aliitwa Cellco Partnership, yaani ubia, ambamo Verizon ilikuwa na asilimia 55 na Vodafone asilimia 45, mpaka mwaka 2014 Verizon ilipoinunua sehemu ya Vodafone kwa dola bilioni 130. Katika ubia wa kawaida, wabia hudaiwa madeni ya biashara bila ukomo. Je, Vodafone Group Plc ilikubali hatari hiyo? La. Mbia hakuwa yeye mwenyewe bali kampuni tanzu zake, na kila kampuni tanzu ilikuwa na ukomo wake. Deni lingeweza kupanda kutoka kwenye ubia hadi kwa kampuni tanzu, lakini lingekwama hapo kwa sababu ya kanuni ileile ya Salomon.

Kanuni hiyo inaturudisha Dar es Salaam, kwa M-Pesa Limited, na kwa jambo linalowagusa watu wengi zaidi kuliko soko la hisa. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 na kanuni zake ziliwataka watoaji wa pesa za kielektroniki wasio benki waiweke biashara hiyo katika chombo tofauti, na fedha za wateja zikae benki katika akaunti za amana. Ndiyo maana PLC ina Limited ndani yake. Kampuni mama ni ya umma, kampuni tanzu ni binafsi yenye mwanahisa wake, na kila moja ina mikataba, mali na madeni yake.

Tuseme fundi wa Mbeya mwenye kampuni ndogo amepewa kazi ya kukarabati maduka. Agizo la kununua limeandikwa Vodacom tu. Yuko kwenye ofisi yenye rangi nyekundu, anazungumza na mfanyakazi mwenye kitambulisho cha Vodacom, kwa hiyo haulizi zaidi. Mdaiwa wake ni nani? Anaweza kuwa PLC, anaweza kuwa M-Pesa Limited, na mara nyingi kuliko zote anaweza kuwa mkandarasi wa tatu, Limited ambayo yeye fundi hajawahi kuisikia, iliyopewa kazi nzima na kuigawa. Huyo mkandarasi akifilisika, fundi hawezi kupanda ngazi na kuidai PLC, kama mfilisi wa Salomon alivyoshindwa kumdai Salomon, hata kama kazi imefanyika ndani ya jengo la PLC na kwa faida yake.

Dalili za kwamba mambo hayajakaa sawa huonekana mapema kwa anayetazama. Jina kwenye mkataba halifanani na jina kwenye ankara, au malipo ya awali yametoka kwenye akaunti ya kampuni nyingine. Muhuri una Ltd lakini karatasi ya barua haina namba ya usajili. Anayesaini ameandika jina lake bila kusema anasaini kwa niaba ya nani, jambo ambalo linaweza kumfanya adaiwe yeye binafsi, au kumfanya adai kwamba kampuni haikuhusika. Limited kwenye bango nayo haithibitishi usajili. Kulitumia bila kusajiliwa ni kosa, lakini fundi wa kuchora mabango hamwombi mteja cheti.

Uhakiki hauhitaji wakili. Tanzania Bara, mtu hutafuta kampuni kwenye mfumo wa usajili wa BRELA kwa jina au namba, kisha hulipia taarifa za wakurugenzi na wanahisa. Kenya, hati inayoitwa CR12 hutolewa kupitia eCitizen na kuonyesha yaleyale. Uingereza, daftari la Companies House liko wazi bila malipo, na Afrika Kusini kazi hiyo iko kwa CIPC, msajili wa kampuni wa huko. Mwenye shughuli Lubumbashi au Goma atakutana na SA na SARL, vifupisho vya Kifaransa vya aina za kampuni, kwa kuwa Kongo ilijiunga mwaka 2012 na OHADA, mfumo wa sheria za biashara unaotumiwa kwa pamoja na nchi kadhaa za Afrika, na atatafuta katika daftari la biashara la huko. Kwa kila moja, kinachotafutwa ni vitu vichache: jina kamili hadi herufi ya mwisho, namba ya usajili, nchi, na kama kampuni bado hai au imeanza kufungwa. Namba ndiyo ya kuaminiwa kuliko jina, kwa kuwa kampuni hubadili jina kama tulivyoona, lakini namba huifuata.

Iwapo kampuni inayosaini ni ndogo na tumaini la malipo liko kwa kampuni mama, njia ni kuomba dhamana ya maandishi kutoka kwa kampuni mama hiyo, kabla ya kazi kuanza. Dhamana hiyo nayo itaje mdhamini kwa jina kamili, namba na nchi, na isainiwe na watu wenye mamlaka ya kuifunga kampuni mama, si kampuni tanzu. Mahali pa kuanzia ni mstari wa kwanza wa mkataba, unaotaja wahusika. Kwa kisa chetu, mstari salama ungesomeka hivi: M-Pesa Limited, kampuni binafsi iliyosajiliwa Tanzania kwa namba fulani, na nyuma yake, kama dhamana imekubaliwa, Vodacom Tanzania Public Limited Company, kampuni ya umma iliyosajiliwa Tanzania kwa namba fulani, akiwa mdhamini. Jina la pili lisipokuwapo, basi hata kama nembo yake imechapwa juu ya kila ukurasa, anayedaiwa ni yule wa kwanza peke yake.